Kabla hujanunua kamera, pitia picha zako zilizoharibika

Kama unapenda kupiga picha na unajiuliza ununue kamera au ubaki na simu yako nzuri, fungua picha ulizozikosa mwezi huu uone zimekosewa wapi. Uso mweusi kwa sababu mtu ameligeuzia dirisha mgongo? Hilo kamera haitakutibia, mgeuze tu.

Ila tuseme unapiga mechi za mtaani jioni. Ukimvuta kwa simu mshambuliaji aliye goli la pili, picha ya jezi inapasuka, namba haisomeki, na mguu unaopiga mpira umekuwa ukungu. Hapo simu imefika mwisho wake. Lakini angalia sana: kamera nyingi za wanaoanza huuzwa na lenzi ya milimita 18-55, nayo haivuti mbali sana kuliko simu zenye lenzi ya kuvuta mara 3. Utarudi uwanjani na mchezaji ataonekana mdogo vile vile. Tafuta lenzi inayofika milimita 200 au 250, hata ya mtumba, na uweke kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde au zaidi. Kama bajeti inatosha bodi ya kamera na lenzi ya 18-55 peke yake, mimi ningebaki na simu kwanza.