Kupiga asilimia ya uzito uliopungua, na lini useme huu ni utapiamlo wa kweli

Hii ni kwa wanaohudumia wagonjwa wazima tu. Watoto na wajawazito wana vipimo vyao, usiwaingize humu. Nimeamua kuandika kwa sababu hesabu yenyewe ni ya dakika moja, ila wengi tunakosea kabla hata hatujashika kikokotoo, pale tunapomuuliza mgonjwa maswali.

Hatua ya 1: tafuta uzito wa zamani na tarehe yake

Ukimuuliza mtu "umepungua?" atakujibu "kidogo" na hapo hujapata kitu. Mimi naanza na "mara ya mwisho ulipopimwa ukiwa mzima ulikuwa kilo ngapi, na ilikuwa lini?" afu nafungua faili au kadi za kliniki za nyuma nione kama inalingana. Uzito ulioandikwa siku ile unashinda uzito wa kukumbuka, kwa sababu kuna watu wanakutajia kilo walizokuwa nazo miaka 10 iliyopita. Kama hakuna rekodi kabisa muulize anayeishi naye, muulize nguo zimeanza lini kumpwaya, msaidie kupata mwezi kwa kitu anachokikumbuka, mfano kabla au baada ya kulazwa. Ila mkanda uliosogea matundu mawili usiubadilishe kuwa kilo, uandike hivyohivyo kama dalili.

Muulize pia kama alikuwa anajipunguza kwa makusudi, na kama bado anaendelea kushuka. Mtu aliyetoka kilo 80 akafika 70 kwa miaka mitatu na mwaka huu mzima yuko palepale 70, huyo ni tofauti kabisa na aliyepoteza kilo hizohizo kumi ndani ya miezi minne.

Hatua ya 2: mpime leo wewe mwenyewe

Bila viatu, nguo nyepesi, mizani iwe kwenye sifuri. Na kabla hajashuka kwenye mizani angalia miguu. Bonyeza kwa kidole juu ya mfupa wa muundi sekunde chache uone kama kishimo kinabaki, maana maji mwilini nayo yana uzito, na mizani haijui kutofautisha maji na nyama.

Hatua ya 3: piga hesabu

```
asilimia = (uzito_wa_zamani - uzito_wa_leo) / uzito_wa_zamani * 100
```

Unagawanya kwa uzito wa zamani, sio wa leo. Ukigawanya kwa wa leo jibu linakuja kubwa kuliko ukweli, na kadiri mtu alivyokonda sana ndo kosa linavyozidi.

Hatua ya 4: weka asilimia kwenye muda wake

Asilimia bila muda haikuambii lolote. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu, mipaka ninayotumia ni ile ya 2012 ya ASPEN, chama cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa cha Marekani: asilimia 5 kwa mwezi 1, 7.5 kwa miezi 3, 10 kwa miezi 6, 20 kwa mwaka. Akifika hapo ni utapiamlo wa wastani, akivuka ni mkali. Lakini uzito peke yake hautoshi, wanataka angalau dalili mbili, kwa hiyo pamoja na uzito uwe na nyingine kama kula pungufu, mafuta ya chini ya ngozi kuisha, misuli kuisha, maji kujaa au mkono kukosa nguvu ya kukamata. GLIM, vigezo vya kimataifa vya kutambua utapiamlo, wao wanaanza mapema zaidi, kupungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 tayari inahesabika, na ikizidi 10 ni mkali, ila nao wanataka pawepo na sababu kama kula kidogo au ugonjwa wenye kuleta mwako mwilini.

Sasa tuone kwa mgonjwa. Mama wa miaka 52, moyo wake umechoka, alikuja analalamika hamu ya kula imepotea. Nikamuuliza kuhusu uzito akasema "nimepungua kidogo tu mwanangu." Kadi zake: miezi 6 nyuma kilo 71, miezi 3 nyuma 69.5, mwezi uliopita 67. Nikampima nikapata 65.4.

Kwa miezi 6: 71 toa 65.4 ni 5.6, gawanya kwa 71, unapata asilimia 7.9. Kwa miezi 3: 4.1 gawanya kwa 69.5, unapata 5.9. Kwa mwezi 1: 1.6 gawanya kwa 67, unapata 2.4. Yaani hakuna hata mstari mmoja uliofika mipaka ya ASPEN, na mtu mwenye haraka angeandika "uzito sio tatizo" akaita anayefuata.

Lakini miguu ilikuwa imevimba mpaka karibu na magoti na kidole kinaacha shimo, halafu ukimwangalia mabegani mifupa imetokeza na pembeni ya paji la uso pamebonyea. Mwili unakuambia kitu kimoja, mizani inakuambia kingine, na hapo mimi nauamini mwili.

Kuna makadirio yanayotumika ya kutoa maji, kilo 1 kwa uvimbe mdogo wa miguu, 5 kwa wa wastani, 10 kwa mkubwa. Yalitoka kwa wagonjwa wa ini, kwa hiyo kwa wa moyo nayachukua kama makisio tu. Nilimhesabu wastani: 65.4 toa 5 ni 60.4, na kutoka 71 hiyo ni asilimia 14.9. Nikaandika wazi kwamba ni makisio, nikaanza mpango wa lishe siku ileile bila kusubiri.

Alipewa dawa za kutoa maji na baada ya siku kadhaa miguu ikawa mikavu. Nikampima tena kwenye mizani ileile: 61.2. Kwa miezi 6 ni asilimia 13.8, kwa miezi 3 ni 11.9, zote zimevuka mpaka wa mkali. Makisio yangu yalizidisha kidogo lakini uamuzi haukubadilika.

Angalia sasa mstari wa mwezi 1. Ukichukua 67 na 61.2 unapata 8.7 na inavutia kuiandika, ila mimi sikuiandika, manake nilipomuuliza vizuri akasema mwezi uliopita miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba. Ile 67 nayo ilikuwa na maji ndani yake, kwa hiyo sehemu ya hizo kilo zilizoshuka ni maji yaliyotoka na sio nyama. Linganisha uzito mkavu na uzito mkavu. Miezi 3 na miezi 6 nyuma hakuwa na uvimbe, ndo maana nikasimamia hizo.

Kitu kingine, urefu wake ni sentimita 158, kwa kilo 61.2 BMI yake ni 24.5, kawaida kabisa. Mtu aliyeanza na mwili mkubwa anaweza kuwa na utapiamlo mkali na BMI isioneshe chochote, kwa hiyo usiache hesabu hii kwa sababu mtu "anaonekana ana mwili."

Kwenye faili niliandika hivi: uzito mkavu 61.2, kutoka 71 miezi 6 iliyopita, bila kukusudia, asilimia 13.8, misuli ya mabega na pembeni ya paji imepungua, utapiamlo mkali. Chini yake nikaweka kwamba kila akipimwa miguu iangaliwe na iandikwe pembeni ya kilo, ili atakayempima baada yangu akikuta zimepanda ajue kama ni chakula au ni maji.