Jinsi ya kuandika barua ya pole kwa familia mgonjwa akifia wodini

Majuzi nimekaa na daktari kijana wa wodi yetu tukaandika barua ya pole, nikaona niweke hatua zote hapa, maana chuoni tulifundishwa kujaza cheti cha kifo lakini barua ya pole kila mtu anajiokotea mwenyewe. Kisa chenyewe: mzee wa miaka sabini na kitu, nimonia kali, kaletwa Jumanne jioni, kafariki Alhamisi alfajiri. Kijana wake mkubwa ndiye aliyekubali mzee awekewe oksijeni, na pale mochwari shangazi akamwambia mbele za watu, "Si umeona, ile mashine ndiyo imemmaliza."

1. Anza na faili. Jina lote, tarehe, nani alikuwa anamuuguza. Usiandike kwa kumbukumbu.

2. Mtaarifu mganga mfawidhi. Kama kuna malalamiko, au ni kifo cha mama mjamzito ambacho lazima kijadiliwe, pole unaweza kutoa lakini sababu za kifo usizitolee hukumu kabla ya kikao.

3. Subiri matanga yaishe. Mimi napenda wiki ya pili, wageni wameshaondoka na maswali ndiyo yanaanza kuja usiku.

4. Mwandikie mtu, sio "familia ya marehemu" tu. Sisi tulimwandikia yule kijana, "Kaka" na jina lake, halafu tukawataja mama na wadogo zake.

5. Aya ya kueleza kilichotokea. Hapa ndipo tulipokesha, na ndipo barua nyingi zinapoharibika.

Rasimu ya kwanza ya daktari ilikuwa na asilimia za oksijeni, majina ya antibiotiki na saa ya kila dawa, yaani kama anajitetea mbele ya bodi. Nikamwambia futa yote, jiulize huyu kaka anajilaumu kwa lipi, jibu hilo. Anajilaumu kwa oksijeni. Watu wengi wanaona mgonjwa anawekewa oksijeni halafu anakufa, wanaunganisha, wakati ukweli ni kwamba anawekewa kwa sababu mapafu yameshashindwa. Mzee alipopimwa mapokezi, oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia 74, mtu mzima mwenye afya huwa 95 kwenda juu, na kwa oksijeni akapanda mpaka 88. Hizo namba zimsaidie daktari kufikiri, kwenye barua zikageuka hivi:

"Baba alipofika mapafu yake yalikuwa yameshajaa maambukizi, hewa aliyokuwa anavuta haikumtosha. Oksijeni uliyokubali apewe haikumdhuru. Ilimpunguzia kuhangaika, ndiyo maana usiku ule aliweza kulala na kuongea na wewe kidogo. Kilichomchukua ni nimonia, ambayo dawa tulizompa hazikuiwahi."

Ile ya kuongea kidogo tuliitoa kwa nesi wa zamu ya usiku, kaandika kwenye faili kwamba mzee aliuliza kama mbuzi wamefungwa. Tukaiweka na hiyo. Kitu kimoja kama hicho kinatosha kuwaonyesha mlimjua mtu wao, ila kiwe cha kweli, ukikosa usitunge.

Tahadhari sasa. Usiandike "mngemuwahisha" hata kama ni kweli, wala usitaje dawa za kienyeji, hilo ongea nao ana kwa ana wakiuliza. Usiandike pia "tulifanya kila linalowezekana" kama kuna kitu hospitali haikuwa nacho, ndugu walikuwepo, waliona. Na andika ukijua barua itasomwa kwa sauti sebuleni mbele ya ukoo mzima: kama marehemu alikuwa na VVU au kitu ambacho hakutaka kijulikane, hakiingii hata kwa kuzungukazunguka, siri ya mgonjwa haifi naye. Na usiogope kuandika pole, kusema poleni sio kukiri kosa.

6. Dini. Kama faili au ndugu wamekuonyesha ni Waislamu, "Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea" inakaa vizuri, Wakristo waombee faraja. Ila "ni mpango wa Mungu" waachie shehe na mchungaji, likitoka kwa daktari linasikika kama anakwepa maswali.

7. Andika kwa kalamu, ukurasa mmoja, jina na sahihi yako mwenyewe. Deni la hospitali lisitajwe kabisa wala lisiwekwe bahasha moja na barua. Wasapu sipendi, ujumbe unasambazwa mpaka kwenye magrupu ya ukoo kabla mjane hajausoma. Mpe ndugu mkononi, nakala iingie kwenye faili.

8. Malizia na namba ya simu ya wodi na siku unazopatikana, ila andika siku ambazo kweli upo. Huyu kaka alipiga Jumatatu, kaja na mama yake, na swali la mama lilikuwa moja tu: kama mzee aliumia. Siku hiyo toa faili kabla hawajafika, mwite na yule nesi wa usiku kama yupo zamu, na tafuta chumba chenye mlango unaofungwa.