Ukiandikia sauti ya kompyuta, andika unavyotamka

Nilikuwa natengeneza tangazo la dagaa la kupiga kwa spika pale mwalo wa Kirumba. Nilichoandika kwanza: "Sado 8,500/= leo saa 3:30 Ng’ombe Street." Sauti ikasoma tarakimu ovyo na "Ng’ombe" ikakatika katikati. Nikaandika hivi:

"Dagaa wakavu. Sado moja, shilingi elfu nane na mia tano. Leo, saa tatu na nusu asubuhi, mtaa wa Ng'ombe."

Nukta inaleta kituo kirefu, mkato kifupi. Ndiyo maana bei nimeitanguliza mkato, msikilizaji apate pumzi ya kuisubiri. Kwenye ng' futa kile kikoma kilichopinda cha simu, weka kilichonyooka ('), kwa sababu baadhi ya sauti hukiona kilichopinda kama alama ya kufunga nukuu.

Mkazo ndio mgumu. Sauti ya Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "barabara" ya kumaanisha "sawasawa" (baRAbara) inatoka kama ya lami. Kuikata "bara bara" kunaiharibu zaidi. Mimi naandika "sawasawa" tu. Na ukibadili sauti, sikiliza upya yote, vituo havilingani.