Jinsi ya kupima eneo la shamba kwa picha za setilaiti kabla ya kujaza fomu ya maombi

Fomu nyingi za maombi ya kilimo, ziwe za pembejeo, za mkopo au za bima ya mazao, zina nafasi ya kuandika ukubwa wa shamba, na waombaji wengi huijaza kwa namba waliyoisikia kwa wazee wao bila kuihakiki. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuipata namba hiyo kwa kuchora mpaka wa shamba juu ya picha ya setilaiti katika Google Earth Pro, programu ya kompyuta isiyolipiwa. Namba utakayopata ni makadirio. Fomu ikidai ramani iliyosainiwa na mpima ardhi, au mpaka wenyewe ukiwa unagombewa, njia hii haitoshi.

Kabla ya kufungua programu, soma fomu uone inauliza eneo lipi. Baadhi ya fomu hutaka ardhi yote iliyo ndani ya mpaka, pamoja na nyumba, njia na kichaka, na nyingine hutaka sehemu iliyopandwa peke yake. Angalia pia kama zinatakiwa hekta au ekari. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, na ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047, hivyo anayeandika ekari mahali pa hekta amelikuza shamba lake karibu mara mbili na nusu.

Ukishalipata shamba kwenye programu, bonyeza herufi `R` kwenye kibodi ili uwe unalitazama kutoka juu moja kwa moja, kaskazini ikiwa juu. Picha iliyoinama hupotosha umbo la shamba. Kisha fungua menyu ya `View` na uchague `Historical Imagery`, uzipitie picha za tarehe mbalimbali za eneo hilohilo. Hatua hii hurukwa na wengi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote, kwa sababu picha mpya zaidi si lazima iwe ndiyo inayofaa. Mazao yakiwa yamekomaa pande zote mbili za mpaka, mashamba mawili huonekana kama moja. Ardhi ikiwa imetoka kulimwa, au jirani akiwa amevuna nawe hujavuna, mpaka hujitokeza kwa tofauti ya rangi. Chagua picha moja isiyo na mawingu wala kivuli kirefu cha miti, na uitumie kwa pembe zote.

Sababu ya kushikamana na picha moja ni kwamba kila picha ya setilaiti huweza kuwa imesogea mita kadhaa kutoka mahali pake halisi. Hilo halidhuru eneo, maana shamba lote husogea pamoja na umbo lake hubaki vilevile. Lakini ukiweka pembe mbili kwa picha ya mwaka mmoja na mbili kwa picha ya mwaka mwingine, shamba litarefuka au kufupika bila wewe kujua. Kwa sababu hiyohiyo, kwa shamba dogo napendelea njia hii kuliko kutembea na simu ukirekodi kila pembe, kwani makosa ya simu, ambayo huweza kufika mita tano hata mahali pa wazi, hutofautiana kutoka pembe moja hadi nyingine.

Sasa fungua `Add`, kisha `Polygon`, na uandike jina la shamba. Kabla ya kubofya pembe ya kwanza, ingia kwenye `Style, Color` uchague mstari peke yake bila rangi ya kujaza, ili usiifunike picha unayoifuata. Bofya pembe kwa mfuatano, ukizunguka upande mmoja bila kurudi nyuma. Ukiruka pembe kisha ukairudia baadaye, mistari hukatana na eneo linalotolewa halina maana. Mpaka ukipinda, ongeza nukta kwenye kila mpindo. Ukiwa ni njia ya miguu au mfereji, fuata mstari ambao nyinyi na jirani mnautambua, si ukingo wa majani. Miti mikubwa ya mpakani inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa picha huonyesha matawi yaliyotanda, ilhali mpaka hupita kwenye mashina. Ukimaliza, usifunge dirisha hilo: fungua `Measurements` usome mzingo na eneo, na uchague kipimo cha mita za mraba.

Tuchukue shamba la pembe nne ambalo pande zake, kwa kuzunguka, ni mita 96.3, 44.7, 98.1 na 48.4. Programu inatoa mita za mraba 4,420, yaani hekta 0.44, au ekari 1.09. Mwenye shamba aliyezoea kuchukua wastani wa urefu na kuuzidisha kwa wastani wa upana atapata takriban 4,525. Njia hiyo ya wastani huwa sahihi kwa mstatili tu. Kwa umbo lolote lingine la pande nne huzidisha eneo, kwa hiyo tofauti ya mita za mraba 105 hapa isikufanye uitilie shaka picha.

Kosa linalopaswa kukuhofisha liko pembezoni. Mzingo wa shamba hili ni karibu mita 288. Ukichora mstari wako mita moja nje ya mpaka pande zote, umeongeza takriban mita za mraba 290, ambazo ni zaidi ya asilimia sita ya shamba zima. Kadiri shamba linavyokuwa dogo au jembamba, ndivyo kosa hilo linavyolila zaidi.

Kwa hiyo chora mara tatu, kila mara ukianza upya bila kutazama mchoro uliopita. Tuseme umepata 4,395, kisha 4,420, kisha 4,448: wastani ni 4,421, na namba zimeachana kwa zaidi kidogo ya asilimia moja, jambo linalokubalika. Zikiachana kwa asilimia tano, iko pembe ambayo huioni vizuri, na dawa yake ni kwenda shambani kuitazama. Ukiwa huko, pima upande mmoja kwa futi kamba na uulinganishe na urefu uliopimwa kwa `Ruler` kwenye picha. Ikiwa shamba liko kwenye mteremko, kamba iliyolazwa ardhini itasoma zaidi, kwani picha hupima eneo kama linavyoonekana kutoka juu. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, uso wa ardhi huzidi eneo la picha kwa takriban asilimia sita. Andika eneo la picha, maana hata ramani za upimaji hutumia eneo la mlalo.

Kwenye fomu, andika hekta kwa desimali mbili, 0.44, wala usijaze tarakimu ambazo kipimo chako hakiwezi kuzitetea. Kisha bofya mchoro kwa kitufe cha kulia, uchague `Save Place As`, na uuhifadhi kama faili la `.kml`, ukiandika kando tarehe ya picha uliyotumia. Ofisi ikiomba viwianishi vya pembe, kumbuka kwamba ndani ya faili hilo longitudo hutangulia latitudo, kinyume cha fomu nyingi, na ukivinakili bila kuvigeuza shamba lako litaonekana mahali pengine kabisa. Afisa akija na namba tofauti na yako, mfungulie faili hilo na mlinganishe mipaka pembe kwa pembe.