Kabla hujapanga saa ya kikao cha Los Angeles, Berlin na Tokyo

Majira ya baridi yote, kikao chetu cha kila wiki kilianza saa kumi na moja jioni ya Berlin. Los Angeles ilikuwa saa mbili asubuhi, na Tokyo saa saba usiku. Mwenzetu wa Tokyo hakukosa hata mara moja. Alizima kamera, akajibu "sawa" kwa kila hoja, nasi tukadhani anakubaliana nasi. Kumbe alikuwa amechoka.

Kwa hiyo kabla ya kutuma mwaliko, andika kwanza tofauti ya kila mji na UTC, saa ya kimataifa ambayo saa za miji yote hupimwa kwayo. Wakati wa baridi Los Angeles iko nyuma kwa saa 8, Berlin iko mbele kwa saa 1 na Tokyo kwa saa 9. Ukizipanga utaona kwamba hakuna saa inayowakuta wote watatu kazini mchana. Usihangaike kuitafuta, tafuta namna ya kugawana usumbufu.

Miji hii imeachana karibu saa nane nane, na hapo ndipo penye nafuu. Chukua saa tatu za UTC: 06:00, 14:00 na 22:00. Ya kwanza ni saa nne usiku Los Angeles, saa moja asubuhi Berlin, saa tisa alasiri Tokyo. Ya pili inawaamsha Los Angeles saa kumi na mbili asubuhi, Berlin wako saa tisa alasiri, Tokyo saa tano usiku. Ya tatu ni saa nane mchana Los Angeles, saa tano usiku Berlin, na saa moja asubuhi ya kesho yake Tokyo. Kila mmoja anapata zamu moja ya mchana, moja ya alfajiri na moja ya usiku, na hakuna anayeitwa usiku wa manane. Mimi hubadilisha zamu kila baada ya wiki nne, kwa kuwa zamu ya kila wiki watu huisahau.

Siku nayo ina mtego. 22:00 ya Ijumaa tayari ni Jumamosi Tokyo, na 06:00 ya Jumatatu bado ni Jumapili usiku Los Angeles. Kaa kati ya Jumanne na Alhamisi.

Kisha angalia Machi. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya mwezi, Ulaya Jumapili ya mwisho, na Japani haisogezi kabisa. Funga mwaliko kwenye saa za Berlin. Wakati wa kiangazi kikao kitawaangukia Tokyo mapema kwa muda wa saa moja, na hizo wiki mbili tatu za katikati kitawaangukia Los Angeles baadaye kwa muda wa saa moja. Waambie mapema.

Mwaliko wenyewe uandike 15:00, usiandike "saa tisa". Anayehesabu saa kwa Kiingereza ataisoma 09:00, na utamkosa.