Kabla Hujaandika Maelezo ya Grafu ya Mkazo na Mrefuko: Mambo ya Kuzingatia

Pima kipenyo cha waya utakaouvuta kwenye jaribio kwa mikromita, si kwa rula wala kwa kusoma karatasi ya dukani. Pima sehemu tano au zaidi, na katika kila sehemu geuza waya robo mzunguko upime tena, kwa kuwa waya wa rola mara nyingi si mviringo kamili. Kwa waya wa milimita 1.20, kosa la milimita 0.02 tu kwenye kipenyo linageuka kosa la zaidi ya asilimia 3 kwenye mkazo, kwa sababu eneo linategemea kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Sisi wa Mtwara na Lindi tuna jambo la ziada: upepo wa bahari hautoi muda, na rola ya waya wa kufungia nondo iliyokaa stoo miezi michache huwa imeshika kutu. Kutu inaongeza unene unaosomwa na mikromita, ilhali haibebi mzigo wowote. Isugue taratibu kwa msasa laini, ufute, ndipo upime.

Andika urefu wa awali wa waya ulio kati ya alama mbili kabla ya kupakia mzigo. Baada ya waya kukatika huwezi kurudi nyuma kuupima.

Kwenye ripoti, eleza tangu mwanzo kwamba mkazo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo la awali la waya, na kwamba uwiano wa mrefuko ni urefu ulioongezeka uliogawanywa kwa urefu wa awali. Bila maneno hayo msomaji hatajua kwa nini grafu inashuka kabla ya waya kukatika. Chuma hakijadhoofika pale. Waya umeanza kukonda mahali pamoja, kama shingo, nguvu inayohitajika kuuvuta imepungua, nawe bado unagawanya kwa eneo la zamani.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe nililipia kwa kurudia ripoti nzima.

Tulikuwa wanafunzi wanne, na waya wetu ulikuwa ule mweusi wa kufungia nondo, wa milimita 1.20, tuliununua kwenye duka la vifaa vya ujenzi ukiwa umezungushwa kwenye rola. Tuliubana kwenye taya za mashine, milimita 200 kutoka taya hadi taya, tukavuta, na mrefuko tukausoma kwenye skeli ya boriti inayopanda ya mashine yenyewe. Kwenye niutoni 60 skeli ilisoma milimita 0.60, na kwenye niutoni 160 ilisoma milimita 0.90. Mimi ndiye niliyeandika maelezo. Niliandika kwamba waya "mwanzoni ni laini, kisha unakakamaa," nikachukua pointi ya niutoni 160, nikapata mkazo wa megapaskali 141, nikaugawanya kwa uwiano wa mrefuko wa 0.0045, nikatangaza kwamba moduli ya Young ya waya wetu, yaani kipimo cha jinsi metali inavyokataa kurefuka, ni gigapaskali 31.

Mzee aliyekuwa akisimamia maabara aliisoma mbele yangu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, chuma ni gigapaskali 200 hivi, na alumini ni 70. Huu waya wako ni wa nini?" Sikuwa na jibu. Akachukua kipande cha waya kilichobaki, akakilaza juu ya meza, na mwisho wake ukanyanyuka wenyewe kama mkia wa nge.

Hapo ndipo nilipoelewa ile sehemu ya chini ya grafu iliyopinda. Haikuwa tabia ya chuma hata kidogo. Waya uliotoka kwenye rola una mkunjo, na mzigo wa kwanza unafanya kazi ya kuunyoosha tu, huku taya nazo zikiuma na kujikaza. Kwa hiyo sehemu hiyo usiieleze kama tabia ya metali. Iseme kwa jina lake: ni kunyooka kwa waya na kukaa sawa kwa taya. Kisha chukua sehemu iliyonyooka ya grafu, irefushe kwa rula kurudi chini hadi ikate mhimili wa mrefuko, na hapo ndipo penye sifuri yako ya kweli. Kwetu, niutoni 100 zilileta milimita 0.30, hivyo niutoni 60 zilistahili milimita 0.18, si 0.60. Sifuri yetu ilikuwa imesogea milimita 0.42.

Nilipokokotoa upya kwa mwinamo wa sehemu iliyonyooka nilipata gigapaskali 59, nikadhani nimemaliza. Mzee akatikisa kichwa. Skeli ya boriti inasoma kila kinachosogea: waya unaorefuka, taya zinazoteleza, hata fremu ya mashine inayojipinda kidogo. Tulirudia kwa kipande kipya, safari hii tukibana kifaa cha kupimia mrefuko kwenye waya wenyewe, mbali na taya, kati ya alama mbili zilizoachana milimita 50. Kwa nyongeza ileile ya niutoni 100, nafasi hiyo ilirefuka milimita 0.0225 tu. Ikagawanywa, ikaleta gigapaskali 196. Kama maabara yako haina kifaa hicho, ning'iniza waya mrefu wa mita 2 kwenye boriti imara, mwingine unaofanana nao pembeni yake uwe wa kulinganishia, upakie mawe ya mizani na kusoma tofauti kwa vernia. Waya mrefu unakupa mrefuko mkubwa, na kosa la kusoma linapungua uzito.

Kama huna lolote kati ya hayo, andika mwinamo ulioupata, useme wazi kwamba mrefuko umesomwa kwenye boriti ya mashine, na usiuite moduli ya Young.

Kosa la sifuri halikomei kwenye moduli. Waya mwingi hauonyeshi mahali dhahiri pa kulegea, yaani pale unapoanza kurefuka bila kurudi, hivyo tunachora mstari sambamba na sehemu iliyonyooka, ukianzia kwenye uwiano wa mrefuko wa 0.002, na pale unapokata grafu tunasoma mkazo. Sisi sifuri yetu ilikuwa imesogea milimita 0.42 kati ya 200, yaani 0.0021. Mstari wetu ukaanza nyuma ya sehemu iliyonyooka na kukata grafu chini kabisa, ndani ya ule mpindo wa waya kujinyoosha. Namba iliyotoka haikuwa na maana yoyote.

Wala usijaribu kuikwepa shida hiyo kwa kuunyoosha waya kwa kuuvuta kwa nguvu kabla ya jaribio. Chuma laini kikishavutwa hadi kikarefuka bila kurudi, ule mlalo wa kulegea unaotarajiwa kwenye grafu yake hupotea, nawe utakaa kuutafuta kwenye karatasi usiuone. Unyooshe kwa mkono polepole, na kama mlalo haupo, usiuchore kwa sababu tu uliuona kitabuni.

Waya ukikatikia ndani ya taya, jaribio hilo ulitupe na ubane kipande kingine, kwa kuwa taya zimeuchubua. Vaa miwani ya usalama, maana waya unapokatika huruka. Andika vizio kwenye mihimili yote miwili. Tunza namba ghafi ulizosoma kabla ya kusahihisha sifuri, na ziambatishe mwishoni mwa ripoti, ili atakayetilia shaka mwinamo wako aweze kuuchora upya mwenyewe.