Wananchi, wakazi, raia au umma: jinsi ya kuchagua neno katika ripoti ya huduma za mtaa

Mwaka jana nilikaa siku tatu na mtendaji wa mtaa mmoja tukisafisha ripoti yake ya huduma za maji, taka na zahanati. Ripoti ilikuwa imerudishwa na kamati ya maendeleo ya kata. Ukurasa wa pili ulisema mtaa una wananchi 12,000. Ukurasa wa tano ukasema wananchi 14,300 walihudumiwa katika zahanati ya mtaa. Mjumbe mmoja akauliza hao 2,300 wametoka wapi, na hakuna aliyekuwa na jibu. (Namba zote humu nimezizungusha ili mtaa usitambulike.)

Hesabu hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye neno moja, "wananchi", lililobebeshwa vitu vinne tofauti. Hivi ndivyo tulivyolirekebisha.

Hatua ya 1: Kusanya sentensi zote zinazotaja watu

Fungua ripoti kwenye kompyuta, bonyeza `Ctrl+F`, utafute `nanchi`. Ukitafuta hivyo unapata "mwananchi" na "wananchi" kwa pamoja. Kisha tafuta `raia`, `wakazi`, `wakaazi`, `wenyeji`, `umma` na `watu`. Chapa sentensi zenye namba kwenye karatasi moja. Mimi hufanya kwa karatasi na kalamu ya rangi, na sioni sababu ya kubadili: ukiziona zote pamoja, zile zinazogongana zinajitokeza zenyewe.

Usitumie kitufe cha kubadilisha yote kwa mpigo. Mtendaji alikuwa ameshajaribu kabla sijafika. Alibadilisha "raia" kuwa "mkazi", na kila penye "uraia" pakasomeka "umkazi". Alibadilisha "wananchi" kuwa "wakazi", na nukuu ya Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania, inayosema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, ikawa imepotoshwa. Nukuu haiguswi.

Hatua ya 2: Kando ya kila namba, andika ilitoka kwenye kitabu gani

Sensa, rejesta ya wakazi, orodha ya wateja wa maji, stakabadhi za taka, vitabu vya zahanati. Ukikosa chanzo, namba hiyo itoe.

Hatua ya 3: Mpe kila chanzo neno lake

Hapa ndipo siku mbili kati ya zile tatu ziliishia, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Tuanze na sensa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu kwa mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Mgeni aliyekuja msibani akalala mtaani kwako alihesabiwa mtaani kwako. Fundi wa mtaa wako aliyekuwa safarini mkoa mwingine alihesabiwa huko. Kwa hiyo zile 12,000 ni "idadi ya watu kwa Sensa ya 2022". Siyo hesabu ya wakazi kwa maana kamili, na kwa vyovyote siyo hesabu ya raia, maana mtu wa taifa lolote aliyelala pale alihesabiwa. Andika "idadi ya watu", andika mwaka, basi.

Rejesta ya mtaa ndiyo inayopaswa kukupa "wakazi", yaani watu wanaoishi pale kwa kawaida, awe mwenye nyumba au mpangaji, mzaliwa au aliyehamia mwezi uliopita. Yetu ilikuwa na watu 10,900. Mtendaji alitaka kuchukua wastani wa namba hizo mbili. Nilimkatalia na bado nakataa: ni vitu viwili tofauti, na wastani wake hauhesabu mtu yeyote. Zaidi ya hapo, rejesta nyingi zina waliohama ambao hawajafutwa na wapangaji wapya ambao hawajaandikwa. Tuliangalia mara ya mwisho kuhuishwa ilikuwa lini, tukakuta ni miaka miwili nyuma. Tukaamua kutumia sensa kwa asilimia zote za ripoti, na rejesta tukaitaja mahali pamoja tu, pamoja na tarehe yake.

Sasa zahanati. Zile 14,300 zilitoka kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za huduma za afya, na zilikuwa mahudhurio. Mama aliyemleta mtoto mara tano kwa mwaka yumo mara tano. Ukiandika "wananchi 14,300 walihudumiwa" umegeuza ziara kuwa watu. Sentensi sahihi ni "zahanati ilipokea mahudhurio 14,300". Kama unataka watu, rudi kwenye kitabu cha wagonjwa wa nje utenganishe mahudhurio ya kwanza ya mwaka na ya marudio. Sisi tulipata ya kwanza 7,100. Hata hivyo bado hao si wakazi wa mtaa wote, kwa sababu zahanati haimfukuzi mtu wa mtaa wa jirani. Kitabu kina sehemu ya makazi ya mgonjwa. Tulipohesabu mwezi mmoja kwa mkono, karibu mmoja kati ya wanne alitoka nje ya mtaa. Kwa hiyo neno letu likawa "wagonjwa", na tukaongeza sentensi moja kwamba zahanati inahudumia pia mitaa jirani. Ile sentensi, pamoja na neno "mahudhurio", ndiyo iliyojibu swali la mjumbe.

Maji yalikuwa magumu kuliko zahanati. Mamlaka ya maji ilitupa wateja 900. Ripoti ya kwanza ilizidisha 900 kwa watu 4, ikapata 3,600, ikaandika "asilimia 30 ya wananchi wanapata maji". Sentensi hiyo ina makosa mawili. La kwanza, mteja ni mita, na mita 40 kati ya hizo zilikuwa za maduka, msikiti, kanisa na shule. La pili, nyuma ya mita moja kwenye nyumba ya kupanga huwa kuna kaya tatu, nne, hata sita, kila moja na chungu chake. Wajumbe walipita nyumba kwa nyumba wakahesabu kaya zinazochota kwenye mita zile 860 za majumbani: kaya 1,800. Sensa ilionyesha mtaa una kaya 3,000. Basi kaya 1,800 kati ya 3,000, asilimia 60. Kutoka 30 hadi 60, na hakuna bomba jipya lililolazwa.

Hapa kuna angalizo. Jirani anayenunua maji kwa ndoo kwenye bomba la mwenzake, yumo au hayumo? Sisi tulisema hayumo, kwa sababu bei na saa za kuchota anapangiwa na mwenye bomba. Wewe unaweza kuamua vingine, lakini uamuzi huo uandike chini ya jedwali. Na ukisema kaya juu ya mstari, chini ya mstari pia ziwe kaya. Usigawanye kaya kwa watu. Kwenye taka tulikuta hivyo hivyo: "wakazi 2,100 wanalipa ada" walikuwa kaya 2,100, kwa sababu stakabadhi hutolewa kwa kaya.

Kwa kijiji chenye vituo vya kuchotea maji, jambo ni jingine kidogo. Sera ya maji ya 2002 ilikadiria kituo kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400. Ripoti nyingi huzidisha idadi ya vituo kwa 250 na kuwaita matokeo "wananchi wanaopata maji". Huo ni uwezo uliokusudiwa, hata kama bomba limekauka tangu kiangazi. Andika "vituo vyenye uwezo wa kuhudumia watu kadhaa", kisha sema vingapi vilitoa maji siku mlipovikagua.

Hatua ya 4: Toa "raia" pasipo na suala la uraia

Raia ni hadhi ya kisheria. Mahali pake katika ripoti ya mtaa ni pachache: uchaguzi wa serikali za mitaa ni mfano mzuri, kwa kuwa mpiga kura lazima awe raia wa Tanzania na pia mkazi wa eneo hilo. Mkutano mkuu wa kijiji ni kitu kingine. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inamtaka mtu awe anaishi kijijini kwa kawaida na awe ametimiza miaka 18. Kwa hiyo mahudhurio ya mkutano huo ni ya wakazi.

Ukiandika "raia 300 hawapati huduma ya taka", unadai jambo ambalo ofisi yako haikulipima. Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa raia, kwa wageni wakaazi na kwa wakimbizi, na wote hao wanazalisha taka. Wala usikisie kwa jina au lafudhi. Katika mikoa ya Tabora na Katavi wapo watu waliokuja kama wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972 na leo ni raia kamili wa Tanzania.

Tena "raia" lina maana nyingine inayonyemelea: asiye askari. Katika sehemu ya kituo cha polisi, "raia walilalamika" itasomeka hivyo, na huko inafaa.

Hatua ya 5: "Wenyeji"

Lifute. Neno hili linawagawa watu kati ya waliotangulia na waliokuja, na kwenye sehemu ya viwanja linaweza kusomwa kama dai la ardhi. Kama unamaanisha waliopokea wageni wa mwenge, sema hivyo.

Hatua ya 6: "Umma" na upatanisho wake

Umma hauhesabiki. Choo cha umma, tangazo kwa umma, mtumishi wa umma: sawa. "Umma 500" hapana. Ukibadilisha "wananchi wanaarifiwa" kuwa umma, kitenzi nacho kibadilike: "umma unaarifiwa". Vivyo hivyo "idadi ya watu imeongezeka", siyo "wameongezeka".

Hatua ya 7: Rudisha "wananchi" panapostahili

Sikulifuta neno hili, nalipenda. Nililiondoa kwenye majedwali na asilimia tu. Lilibaki kwenye utangulizi, kwenye maoni ("wananchi walitaka gari la taka lipite asubuhi"), na kwenye michango ya nguvu kazi. Huko linawataja watu kama wenye sauti, na msomaji hatafuti idadi yao. Zanzibar angalia pia tahajia: neno la kisheria ni "Mzanzibari Mkaazi", kwa a mbili, hata kama kwingineko kwenye ripoti umeandika "wakazi". Chagua moja kwa maneno yako na uache la sheria lilivyo.

Hatua ya 8: Weka maana mwanzoni

Mistari mitano chini ya kichwa cha ripoti inatosha. Yetu ilisomeka hivi:

*Idadi ya watu: waliohesabiwa mtaani katika Sensa ya 2022.*
*Mkazi: anayeishi mtaani kwa kawaida, bila kujali uraia.*
*Kaya: watu wanaoishi na kula pamoja.*
*Mteja: mita moja ya maji.*
*Hudhurio: ziara moja ya mgonjwa zahanati.*

Kisha pitia majedwali mara ya mwisho ukiwa na mistari hiyo mkononi. Sisi kwenye duru hiyo ndipo tulipokuta "wateja 900" wakiwa bado wameitwa kaya kwenye ukurasa wa tisa.